Nguvu Halisi ya Soda Kali

Ukipima gramu 4 za sodiamu haidroksaidi ukaziyeyusha kupata lita moja, kibandiko kitasema 0.1 M. Usikiamini. Chembe zake hufyonza unyevu na kaboni dioksaidi hewani hata zikiwa juu ya mizani, kwa hiyo ulichopima si soda tupu.

Ndiyo maana mkemia huipima soda hiyo kwa potasiamu haidrojeni fthaleti, unga mweupe usionyonya maji kwa urahisi. Hukaushwa kwenye joto la nyuzi 110 hivi, hupozwa kwenye chombo kikavu, kisha hupimwa kwa makini. Moli yake moja ina gramu 204.22 na humaliza moli moja ya soda.

Tuseme umeyeyusha gramu 0.5106 katika maji yaliyochemshwa yakapoa, ukatia matone mawili ya fenolfthalini. Bureti imetoa mililita 24.65 ndipo waridi hafifu ikadumu nusu dakika. Gawanya 0.5106 kwa 204.22, kisha kwa lita 0.02465: unapata 0.1014 M.

Mara moja haitoshi. Majaribio mawili zaidi, kila moja na unga wake, yametoa 0.1013 na 0.1014. La nne likaleta 0.0999, na chupa ilikuwa na waridi iliyokoza: soda ilizidi. Hilo huachwa kwa sababu kosa lake limeonekana, wala si kwa kuwa linaharibu wastani. Kibandiko kipya: 0.1014 M, pamoja na tarehe, maana soda itaendelea kufyonza hewa.