Moto ukiunguza duka, bima ya nani italipa?

Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na mali nyingi za wafanyabiashara zikateketea. Tangu hapo swali moja limekuwa likisikika katika fremu za mitaa ya jirani: "Mwenye nyumba ana bima. Mimi mpangaji nakata ya nini?"

Jibu ni kwamba bima hizo ni mbili na hazifuniki kitu kimoja. Bima ya mwenye nyumba hufunika jengo: kuta, paa, sakafu, milango, nyaya na mabomba yaliyojengewa. Hulipwa yeye, kwa sababu hasara ya jengo ni yake. Marobota ya vitenge yaliyo ndani si mali yake, hivyo hawezi kuyakatia bima wala kulipwa fidia yake. Mpangaji ndiye anayepaswa kukatia bima bidhaa, samani, mashine na kompyuta zake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza nguo katika fremu ya ghorofa ya chini. Stoo ina mzigo wa shilingi milioni 60, lakini ili apunguze ada alimwambia wakala aandike milioni 40. Hitilafu ya umeme inawasha moto na nusu ya mzigo, yaani milioni 30, inateketea. Mama anatarajia milioni 30, kwa kuwa ni chini ya milioni 40 alizokatia. Hazipati. Hati nyingi za bima ya moto zina sharti la uwiano: aliyekatia theluthi mbili ya mali hulipwa theluthi mbili ya hasara. Atapata milioni 20. Kama hati inamtaka abebe mwenyewe asilimia 5 ya madai, mkononi zitabaki milioni 19. Akiba ndogo ya ada imemgharimu milioni 10. Kwa hiyo kiasi cha bima kifuate mzigo wa msimu mkubwa, kwa mfano kabla ya Idi au Krismasi, si mzigo wa mwezi wa kawaida.

Mwenye nyumba naye ana mtego huo huo, ila yeye huweza kukosea pande zote mbili. Anayetaja bei ya soko ya nyumba yake anakatia bima hadi kiwanja, na kiwanja hakiungui. Ada ya ziada inakwenda bure. Anayetaja gharama za ujenzi za miaka 15 iliyopita atalipwa pungufu. Kiasi sahihi ni gharama ya kulijenga upya jengo leo, pamoja na kuondoa kifusi. Kodi atakayoikosa wakati wa ujenzi haimo mpaka aiombe na ailipie.

Kati ya bima hizo mbili kuna mapengo. La kwanza ni matengenezo ya mpangaji. Marumaru, dari na rafu za kupigilia alizoweka kwa fedha zake haziko wazi ni za nani, na kampuni ya mwenye nyumba inaweza kusema si sehemu ya jengo ililokatia. Ziandikwe kwa jina katika hati ya mpangaji, na mkataba wa pango useme ni za nani. La pili ni kilemba na kodi iliyolipwa mbele. Bima ya bidhaa haizirudishi. Vivyo hivyo faida inayopotea duka likifungwa: hiyo ina bima yake. La tatu ni wizi. Bima ya moto haiufuniki, na bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja. Mzigo uliobebwa na kijana wa duka mwenye ufunguo haumo.

Pengo la nne ndilo linalowashangaza wengi. Moto ukianzia kwenye jiko la mpangaji kwa uzembe wake, kampuni ya bima humlipa mwenye nyumba, kisha inaweza kumdai mpangaji fedha hizo. Bima ya jengo haimkingi yeye. Kinga yake ni bima ya dhima, au kifungu cha mkataba ambacho kampuni hiyo imekikubali.

Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya Tanzania kinga haianzi kabla ya ada kulipwa. Ahadi ya wakala kwamba "utalipa mwisho wa mwezi" haitoshi. Na siku ya madai utaulizwa ankara, risiti na orodha ya mzigo. Zikiwa zimeungua pamoja na duka, huna cha kuonyesha. Nakala ikae nyumbani.