Rangi ya Haraka

Fundi wangu wa kushona alinunua jora la kitambaa cha buluu, akalirudisha dukani kwake akiwa amenuna. Ukingoni mwa kitambaa palichapwa maneno mawili ya Kiingereza, *fast colour*. Mpwa wake wa kidato cha pili alikuwa amefungua kamusi na kumsomea: neno la kwanza ni "-a haraka", la pili ni "rangi". Rangi ya haraka.

"Sasa jirani, si ndiyo kusema inatoka haraka?" akaniuliza. "Nimeuziwa kitambaa cha kuchuja." Na alikuwa ameshakikatia bei.

Kijana hakudanganya. Alichokisoma kimo kweli kwenye kamusi, ila alisoma mstari wa kwanza akafunga kitabu. Hilo ndilo kosa letu wengi. Tunakwenda kwenye kamusi ya lugha mbili kama tunaokwenda kwenye duka la jumla, tunachukua kilicho karibu na mlango. Neno *fast* ni zuri la kujifunzia kwa sababu alama nyingi za kamusi zinapatikana humo. Hivi ndivyo linavyoweza kuonekana. Nimelitunga kwa mtindo wa kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili, nikalifupisha:

fast¹ *adj* 1 -a kasi, -a haraka. 2 (ya saa) -lio mbele: *my watch is ~* saa yangu iko mbele. 3 (ya rangi) -siochujuka. 4 (arch) -penda anasa. *adv* 1 upesi. 2 kwa kukaza: *~ asleep* amelala fofofo.

fast² *vi* -funga (kula). *n* mfungo, saumu.

Anza na vile vinamba vidogo vilivyopanda juu ya neno. Vinasema kwamba mtungaji ameyahesabu haya kuwa maneno mawili yaliyofanana sura, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Namba za kawaida zilizo ndani ni jambo jingine: hizo ni maana mbalimbali za neno moja. Mkato unatenga visawe vinavyokaribiana, namba inatenga maana zilizoachana. Kwa hiyo "-a kasi" na "-a haraka" unaweza kuchagua upendavyo, lakini kutoka namba 1 kwenda namba 3 umevuka mto.

Kisha aina ya neno. *Adj* ni kivumishi, *adv* ni kielezi, *n* ni nomino, *vi* ni kitenzi kisichochukua yambwa, na mwenzake *vt* ni kile kinachochukua. Watu huziruka herufi hizi kama vumbi la uchapaji, kumbe ndizo zinazokuelekeza aya ya kusoma. Swali la kujiuliza kabla hata ya kufungua kitabu ni hili: katika sentensi yangu, neno hili linafanya kazi gani? Ukingoni mwa kitambaa limekaa mbele ya rangi na kuieleza. Basi ni kivumishi, na nusu ya maana zile hazikuhusu tena.

Chukua karatasi ya maabara inayomwambia mgonjwa a-*fast* saa 8 kabla ya kupimwa sukari. Hapo neno ni amri, yaani kitenzi. Akisoma sehemu ya kivumishi ataelewa kwamba awahi. Atatoka nyumbani alfajiri, atakunywa chai na chapati njiani ili asichelewe, na kipimo chake kitaharibika. Akishuka hadi *fast²*, penye *vi*, atakuta -funga, na mabano yaliyofuata yatamwambia anachofunga si mlango. Mabano ya kamusi hayasomwi kama sehemu ya tafsiri. Ni ya kukubana mahali pamoja.

Kuna kistari ambacho Wazungu hawakihitaji, sisi tunakihitaji sana. Ni kile kilicho mbele ya "-a haraka", "-siochujuka" na "-funga". Maana yake ni kwamba neno halijakamilika, lina nafasi inayongoja upatanisho wa ngeli au nafsi. Rangi itakuwa isiyochujuka, kitambaa kisichochujuka, nyuzi zisizochujuka. Lakini "upesi" na "fofofo" hazina kistari, maana kielezi hakipatani na mtu. Nimesahihisha insha zenye "gari -a kasi", kistari na vyote, mwanafunzi amenakili kama alivyokuta. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyemwambia.

Lebo za matumizi ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko yote. Ukikuta *colloq*, ujue ni lugha ya mazungumzo. *Sl* ni lugha ya mitaani, *derog* ni ya dharau, *arch* ni ya kale. Zinaonya kuhusu neno la upande ule zilipowekwa, na mara nyingi tafsiri ya Kiswahili inayofuata haibebi onyo hilo. Tazama maana ya 4. Zamani Waingereza walimwita mwanamke *fast* kumsema vibaya, kwamba ana mwendo wa anasa. Mtu anayetaka kumsifu binti kuwa mwepesi wa kazi, akaliandika neno hilo kwenye barua ya kumpendekeza, anaweza kumharibia mbele ya msomaji mzee. Tazama pia umri wa kamusi yenyewe. Ile ya Frederick Johnson ni ya 1939, ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili ilitoka 1996. Neno lililokuwa la kawaida kwa Johnson huenda leo lingewekewa alama ya kale, na kitabu chake hakiwezi kukwambia hivyo.

Mifano nayo si pambo. Saa ya mkononi ikiwa *fast*, kivumishi hakikusaidii. Hatusemi saa ya haraka wala saa yenye kasi, tunasema iko mbele. Tafsiri peke yake isingekufikisha hapo, sentensi ya mfano imekufikisha, na hata imekuonyesha kwamba lugha yetu imebadilisha muundo mzima. Hiyo *~* ni kiwakilishi cha neno kuu, huwekwa kuokoa karatasi. Kama sentensi yako haifanani na mfano wowote, hapo usiamini haraka. Chukua jibu ulilolipata, ulitafute upande wa pili wa kamusi, uone kama linakurudisha ulikotoka.

Nilifanya hivyo kwa "funga" na nikapata raha ya bure. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilimaanisha kitu kilichokazwa, kisichotikisika. Ndiyo maana rangi iliyoshika ni *fast*, aliyezama usingizini ni *fast*, na kujizuia kula nako ni *fast*, maana ni kushika sharti. Nasi tunafunga chombo gatini na kufunga Ramadhani kwa kitenzi kilekile. Hatukuiga kwao, wala wao kwetu.

Fundi hakujali historia. Alikata kipande cha kitambaa, akakilowesha kwa maji ya sabuni na kukisugua kwenye leso nyeupe. Leso ilibaki nyeupe. Akafuta bei aliyoandika kwa chaki, akarudisha ya mwanzo, na kuniambia kwamba wateja wawili walishanunua kwa ile ya chini.