Njia Moja, Kufuli Nyingine: Picha ya Skrini Yako Inapita Wapi?

Mhasibu wa duka moja la vipuri Dar es Salaam amekwama kwenye programu ya mauzo. Anampigia simu fundi aliyeko Mwanza, anafungua TeamViewer na kumsomea namba ya utambulisho pamoja na nywila iliyo kwenye skrini. Baada ya sekunde chache mshale wa kipanya unaanza kutembea wenyewe.

Picha ya skrini hiyo imepita wapi kufika Mwanza? Na nani njiani angeweza kuitazama? Wengi huyaona hayo kuwa swali moja, kumbe ni mawili.

Kompyuta ya dukani kwa kawaida haina anwani yake ya wazi kwenye intaneti, kwa sababu imejificha nyuma ya ruta. Ruta hupitisha majibu ya kile kilichoombwa kutoka ndani, lakini mgeni anayebisha hodi kutoka nje huachwa mlangoni. Ndiyo maana kompyuta zote mbili huanza kwa kwenda kwenye seva ya kampuni yenye programu. Seva huiambia kila moja anwani ya mwenzake kama inavyoonekana kutoka nje, kisha zote mbili hutumiana vifurushi vya data kwa wakati mmoja. Kila ruta hudhani vile vinavyoingia ni majibu ya vilivyotoka, nayo hufungua. Hapo seva hujiweka kando, na mawasiliano huwa ya moja kwa moja. TeamViewer, kampuni ya Göppingen, Ujerumani, inaeleza kwamba hilo hufanikiwa katika takriban asilimia 70 ya miunganisho.

Inayobaki hukwama. Baadhi ya mitandao, hasa ya simu, huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kubadilisha namba ya mlango kwa kila mahali wanakokwenda, kwa hiyo anwani iliyotolewa na seva haifai tena. Hapo data yote hulazimika kupitia seva ya kati, ambayo hupokea huku na kupeleka kule.

Umbali nao huongezeka. Tuseme seva hiyo iko Frankfurt, kilomita kama 7,000 kutoka Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Amri ya kipanya husafiri kwenda Ulaya na kurudi Tanzania, kisha picha mpya hufunga safari ileile. Hiyo ni miguu minne, takriban kilomita 28,000. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde, hivyo safari pekee hula angalau sekunde 0.14. Fundi huhisi mshale ukibaki nyuma ya mkono wake.

Lakini kuchelewa si kusomwa. RustDesk, programu ya aina hiyohiyo, huonyesha jambo hili vizuri: alama yake ya ngao inaweza kusema `Relayed and encrypted connection`, yaani muunganisho umepitia seva ya kati na umefumbwa, au `Direct and unencrypted connection`, yaani ni wa moja kwa moja lakini haukufumbwa. Njia na kufuli ni vitu viwili.

Kufumba kwa mwisho hadi mwisho maana yake ufunguo wa kufumbua uko kwenye kompyuta mbili za mwisho tu. Kila kompyuta hutengeneza ufunguo wa siri usiotoka ndani yake, na ufunguo wa umma unaogawiwa wengine. Kwa hizo mbili, fundi na mhasibu hukubaliana ufunguo wa kikao. Seva ya kati hubeba furushi lililofungwa: haioni skrini, ila huona anwani za pande zote mbili, muda wa kikao na wingi wa data.

Swali gumu ni nani aliyewatambulisha. Ufunguo wa umma wa fundi humfikia mhasibu kupitia seva ya kampuni. Seva ikidanganya na kutoa ufunguo wake yenyewe, itakaa katikati ikifumbua na kufumba upya. Kinga ya kawaida ni seva kutia sahihi funguo inazogawa, jambo ambalo bado linamtaka mteja aiamini kampuni. Anayetumia RustDesk anaweza kuendesha seva yake na kuweka ufunguo wa seva hiyo, uliomo kwenye faili `id_ed25519.pub`, katika mipangilio ya kila kompyuta.

Hata hivyo, mwisho wenyewe unaweza kuwa na kasoro. Februari 2024 kampuni ya AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imevamiwa. Ilibatilisha nywila za tovuti yake ya wateja na kubadilisha cheti cha kutia sahihi programu, kile kinachoithibitishia Windows kwamba faili imetoka kwa AnyDesk kweli. Mwenye cheti cha namna hiyo angeweza kusambaza programu bandia yenye sahihi halali, na programu bandia huisoma skrini kabla haijafumbwa. Wateja walitakiwa kupakua toleo jipya lenye cheti kipya.