Khamis na Hamisi, mtu mmoja au wawili?

Makarani wa zamani wa pwani waliandika majina walivyoyasikia. Mtu mmoja anaweza kuwa Khamis katika daftari la kodi, Hamisi katika cheti cha ndoa. Ukiyanakili madaftari hayo kwenye kompyuta, mjukuu anayemtafuta Hamisi hatamwona Khamis, maana mashine hulinganisha herufi kwa herufi.

Wamarekani walikutana na shida hii mapema. Robert Russell alipata hataza ya mbinu iliyokuja kuitwa Soundex mwaka 1918, na miaka ya 1930 ikatumika kupanga faharasa za sensa. Huacha herufi ya kwanza, hutupa irabu, kisha hugeuza konsonanti kuwa tarakimu. Kwetu inakwama mlangoni: Khamis anapata K520, Hamisi H520. Herufi ya kwanza imewatenganisha.

Basi wengine huhesabu mabadiliko ya herufi. Kutoka Khamis hadi Hamisi ni mawili: toa K, ongeza i mwishoni. Lakini kutoka Hamisi hadi Hamadi nako ni mawili, na huyo ni mtu mwingine kabisa! Ukiruhusu mawili unamkaribisha mgeni. Ukiruhusu moja unampoteza babu.

Ndiyo maana naona ni heri kutunga ufunguo wa sauti unaofuata masikio yetu. Kh iwe h, herufi pacha ziwe moja, irabu ziondoke isipokuwa ya mwanzo. Khamis na Hamisi wote wanakuwa HMS. Hamadi anabaki HMD. Ramadhani apewe funguo mbili, RMDN na RMZN, ili akutane na Ramadani kwa mmoja na Ramazani kwa mwingine.

Ufunguo huo hurekebisha kosa la sikio, si la jicho. Mnakili aliyeisoma l ya mwandiko kama t atamgeuza Saleh kuwa Sateh, na sauti haitamsaidia. Hapo ndipo hesabu ya herufi inapofaa: badiliko moja tu kwa majina mafupi, mawili kwa marefu.

Hamisa, mwanamke, naye ataingia HMS. Usimfukuze kwa sheria nyingine, sheria zikizidi huanza kugombana. Tumia jina la baba: Hamisi bin Juma atafutwe kwa HMS pamoja na JM, na orodha ya majibu ionyeshe mwaka na mahali, msomaji aamue mwenyewe.

Kabla ya kuifungulia umma, chukua jozi mia za majina ambazo wazee wamethibitisha kuwa ni ya mtu mmoja. Hesabu ngapi zimekutana, kisha wageni wangapi wameingia nazo. Funguo zote ziwekwe katika safu yake pembeni, na tahajia ya karani isiguswe.