Vifungo Viwili vya Baba

Dada mmoja alikuja studio jioni, msiba ukiwa bado mbichi nyumbani kwao, akanionyesha picha kwenye simu. Baba yake amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, uso umetulia, macho yanacheka. Amevaa shati la samawati lenye mistari myembamba. Vifungo vitatu vya juu viko wazi, shati limefunguka kama herufi V, na singlendi inaonekana.

"Kaka, picha nzuri ya baba ni hii tu," aliniambia. "Ila hakuwahi kuingia kanisani shati likiwa wazi hivi. Unaweza kumfunga?"

Inawezekana, lakini si kwa njia ambayo wengi huifikiria. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kuziba uwazi: unachota kitambaa pembeni, unakipaka katikati, kisha unabandika vifungo. Matokeo yake ni kitu kama aproni iliyochorwa kifuani. Shati lililofungwa ni vipande viwili vilivyopandana, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kimevutwa kutoka ubavuni kuja katikati. Anayerekebisha picha hana budi kulifunga kama mwenyewe angelifunga kwa vidole vyake.

Jambo la kwanza ni kujua kipi kinalala juu. Kwa kawaida shati la kiume hushonwa kipande cha kushoto cha mvaaji kikiwa juu, na matundu ya vifungo yako kwenye kipande hicho. Vifungo vyenyewe vimeshonwa kwenye kipande cha kulia, kinachobaki chini. La kike ni kinyume chake. Kumbuka pia kwamba kushoto kwa aliyepigwa picha ni kulia kwetu tunaomtazama, na hapo ndipo wengi hupotea. Nilipoanza kazi hii niliwahi kunakili upande mmoja wa shati, nikaugeuza kama kwenye kioo ili kuziba upande wa pili. Shati likatoka na mifuko miwili badala ya mmoja, na mwanga ukawa unatoka pande mbili. Mjane aliiangalia picha ile akasema hilo si shati la mumewe. Sijarudia tena.

Katika picha ya mzee huyu kulikuwa na bahati moja kubwa: kuanzia kifungo cha nne kushuka, shati lilikuwa limefungwa. Sehemu hiyo ndiyo shahidi. Nilipima hapo ukanda wa vifungo, yaani ile pindo nene inayoshuka katikati ya shati, nikapata upana wa pikseli 70. Kifungo kilikuwa na pikseli 22, na kutoka kifungo hadi kifungo ni pikseli 180. Kwa vipimo hivyo nilijua kila kifungo kinachokosekana kinapaswa kukaa wapi. Sikuhitaji kukisia.

Kisha nikachora mstari wa katikati ya kifua, kutoka kwenye kishimo cha koo hadi kwenye kifungo kile cha nne. Mstari huu haunyooki kila mara. Mzee alikuwa ameurudisha nyuma kidogo ufito wa bega la kushoto, kwa hiyo mstari ulisogea kuelekea kulia kwetu na kupinda kufuata uvimbe wa kifua. Ukiupiga rula hapo, shati litaonekana kama limegundishwa kwenye ubao.

Nilianza na kipande cha chini. Katika Photoshop nilikizungushia kwa Pen Tool, nikaigeuza njia hiyo kuwa selection kwa Ctrl+Enter, nikakitenga kwenye tabaka lake kwa Ctrl+J, halafu nikatumia Puppet Warp. Chombo hiki hukuruhusu kuchomeka pini kwenye kitambaa: nilichomeka moja kwenye mshono wa bega, moja kwapani na moja kwenye kifungo cha nne, ili sehemu hizo zisisogee. Baada ya hapo nilivuta ukingo peke yake kuja katikati. Kipande cha juu nilikifanyia vivyo hivyo, ila chenyewe lazima kivuke mstari wa katikati kwa nusu ya upana wa ukanda, hapa pikseli 35, ili vifungo vikae katikati ya ukanda na katikati ya kifua kwa pamoja.

Mistari ya shati ndiyo inayoumbua kazi mbovu. Kitambaa kikivutwa, mistari yake huvutwa nacho, na macho ya mtu huona haraka mstari uliokatika au unaotetemeka kama maji. Dawa yake ni kutumia Liquify kwa brashi kubwa na mguso mwepesi. Brashi ndogo huzaa mawimbi. Mahali ambapo shati lilikuwa limejikunja na kuonyesha upande wake wa ndani, nilipaka kwa Clone Stamp nikichota kitambaa cha kipande hichohicho, kwa sababu mwanga wake ni uleule.

Vifungo vilikuwa kazi nyepesi kuliko vyote. Nilinakili kile cha nne, nikageuza kidogo matundu yake ya uzi ili visifanane kama mapacha, lakini ule mng'ao mdogo juu yake nikauacha upande uleule, kwa kuwa dirisha halikuhama. Juu na chini ya kila kifungo niliacha mstari mfupi wa tundu uchungulie.

Kilichobaki ni kivuli, na hapa ndipo shati linapopata uhai. Mwanga ulitoka kulia kwetu. Ukingo wa kipande cha juu unatazama kushoto kwetu, basi ulipaswa kuangusha kivuli chembamba juu ya kipande cha chini. Nilifungua tabaka jipya la Multiply, nikachota rangi kwenye mkunjo wenye giza wa shati lenyewe, si nyeusi, nikapaka kizito kidogo kwenye ukingo na kukifisha ndani ya pikseli chache. Kama mwanga ungetoka upande wa pili, ukingo huo ungeng'aa, na kivuli kama hicho kingekuwa uongo unaoonekana.

Nilifunga vifungo viwili tu. Cha kolani nilikiacha wazi makusudi. Kukifunga kunadai kola isimame na kuzunguka shingo, na sehemu hiyo ya kola haimo kabisa pichani. Ingekuwa ni kuibuni yote. Mzee asiye na tai, shati limefika karibu na koo na kola imepumzika, anaonekana nadhifu na bado ni yeye.

Koti ni mtihani mwingine. Likifungwa, umbo lote hubadilika: kiuno huingia, kola zake hujikunja upya, na mikunjo hukimbilia kwenye kifungo kimoja. Koti lililo wazi sana mimi huliacha, au huomba picha nyingine. Na picha za pasipoti na viza siziguswi kabisa. Kwa mfano, mamlaka za Marekani hukataa picha iliyobadilishwa kwa kompyuta. Mtu huyo afunge shati lake, apigwe upya.

Ukipeleka picha ya mpendwa wako studio kwa kazi kama hii, usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa na nyuzi za kitambaa hupotea. Itume kama dokumenti, au peleka simu yenyewe. Na kama ipo picha nyingine yoyote, hata mbaya, ambayo amevaa shati lilelile likiwa limefungwa, ibebe nayo.