Unamhamishia Mfanyakazi Tawi Jingine? Usimtumie Voisi, Mwandikie Barua



Leo naongea na wewe uliyeanza kuuza kwenye status ya WhatsApp, biashara ikakua, ukaajiri mtu mmoja wa kufungasha mizigo na kujibu wateja, na sasa unataka kufungua sehemu ya pili wilaya nyingine. Utamhamisha nani kama sio huyo huyo anayeijua kazi? Hapo ndo mimi niliharibu.

Mimi niko hapa Mtawanya, Mtwara. Nauza madera, vitenge na viatu vya kike. Mwaka 2024 nilipata fremu Masasi, kwa sababu wateja wangu wengi wa kule walikuwa wanalalamika kusubiri mzigo wa basi. Nikamtumia binti wangu wa dukani voisi: "Mdogo wangu, jiandae, Jumatatu unaanza Masasi." Nikamrushia elfu hamsini kwenye simu. Basi, nikajua nimemaliza.

Akaenda. Mwisho wa mwezi nikamkata ile elfu hamsini kwenye mshahara, maana kichwani kwangu ilikuwa advansi. Kichwani kwake ilikuwa hela ya kuhamia. Akaniambia, "Dada, wewe ndo umenihamisha, mimi sikuomba. Na huku Mtwara nimeacha chumba nilichokilipia miezi miwili mbele." Nikatafuta kwenye meseji nione tulikubaliana nini. Hakuna kitu. Wiki ya tano akaacha kazi katikati ya msimu wa korosho, akadai nauli ya kurudi na hela niliyomkata, na akasema anaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndugu zake wakaingilia kati, nikamlipa, tukaachana salama. Ila msimu ulishaniponyoka.

Baada ya hapo nikakaa chini nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinasema mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na mojawapo ya maelezo hayo ni mahali pa kufanyia kazi. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo, na amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Na mkifika kwenye mgogoro ukashindwa kuonyesha karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa wako wewe mwajiri. Kwa hiyo mimi na voisi yangu nilikuwa sina pa kushika.

Kwanza ongea, halafu andika

Sheria inasema kushauriana, na kushauriana maana yake mnakaa mnaongea kabla ya barua kutoka. Muulize ana mtoto anayesoma? Chumba chake kimelipiwa mpaka lini? Ana mzigo kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yatakupa hesabu ya posho.

Kama mkataba wake unasema kituo cha kazi ni Mtwara tu, na akakwambia Masasi hawezi, usimwandikie kwamba amegoma au amekuwa mtoro. Hapo mnajadiliana upya. Ukilazimisha mpaka akaacha kazi, anaweza kudai kwamba wewe ndo umemfukuza kwa mlango wa nyuma.

Pia jiulize, ni uhamisho kweli au anaenda kusaidia wiki tatu arudi? Kama anarudi, hiyo ni safari ya kikazi. Utamlipia nauli, pa kulala na chakula, na chumba chake cha Mtwara anakiacha kama kilivyo. Andika tarehe ya kwenda na ya kurudi, imetosha.

Posho ya uhamisho: nilivyopiga hesabu

Mtumishi wa serikali malipo yake ya uhamisho yamepangwa kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma. Wale jamaa wana utofauti mmoja wa kujifunza: ukihamishwa kwa mahitaji ya kazi unalipwa, ukiomba mwenyewe kuhama unajigharamia. Ndo maana kwenye barua yangu huwa naandika wazi uhamisho umetokana na nani.

Kwetu wenye maduka, ile Sheria ya 2004 haijataja kiasi cha posho ya kuhama. Kinachokubana ni mkataba wako na mlichokubaliana. Kabla hujaandika, pita ofisi ya kazi ya mkoa uulizie amri ya mishahara ya sekta yako inasemaje.

Mwaka 2025 nilipomhamisha binti wa pili, mama wa mtoto mmoja, tulikaa na daftari. Hizi ni bei zetu za wakati ule:

Nauli yake na mtoto mpaka Masasi, 20,000. Kitanda, godoro, jiko la gesi na mabegi kwenye lori lililokuwa linarudi Masasi, 60,000. Gesti usiku 3 wakati anatafuta chumba, 15,000 kwa usiku, jumla 45,000. Chakula siku 7 kabla hajaweka jiko, 8,000 kwa siku, jumla 56,000. Kodi ya miezi 2 aliyoiacha Mtwara, 35,000 kwa mwezi, jumla 70,000.

Jumla kuu ni 251,000. Hii ndo posho. Hairudishwi, haikatwi kwenye mshahara.

Ikabaki kodi ya chumba kipya. Mwenye nyumba wa Masasi alitaka miezi 3 kwa mpigo, 40,000 kila mwezi, yaani 120,000. Hii sikuiweka kwenye posho, kwa sababu kodi angelipa hata angebaki Mtwara. Nikampa kama mkopo, karatasi yake ya peke yake, akasaini kwamba nitamkata 20,000 kwa miezi 6. Tenganisha hivi viwili hata kama hela inatoka siku moja. Mimi nilirusha mara mbili, na nikamtumia meseji kwa kila muamala: huu wa posho, huu wa mkopo. Ugomvi wangu wa mwanzo ulizaliwa hapo hapo, hela moja ina majina mawili.

Na umlipe kabla hajasafiri. Ukimwambia atumie zake utamrudishia, ataenda kukopa, na huyo ndo utamkabidhi droo ya mauzo.

Tarehe ya kuanza ni tarehe nne

Wengi tunaandika "utaanza tarehe fulani" tunaona tumemaliza. Mimi sasa naweka nne: siku ya mwisho kituo cha zamani, siku za kukabidhi, siku ya kusafiri, na siku ya kuripoti kituo kipya.

Binti huyu nilimpa barua Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025. Siku ya mwisho ya kuhudumia wateja Mtwara ikawa Jumamosi tarehe 20. Tarehe 22 na 23 kukabidhi. Alhamisi tarehe 25 kusafiri. Jumatatu tarehe 29 kuripoti Masasi. Wiki tatu kamili, akapata nafasi ya kuaga mwenye nyumba na kumhamisha mtoto shule. Nilikusudia awe ameshatulia kabla ya minada ya korosho, maana hela ikianza kuingia mikononi mwa watu hakuna muda wa kufundishana bei.

Siku za kukabidhi usiziruke. Sisi wa mtandaoni mali haiko kwenye shelfu peke yake. Kuna simu ya duka, laini ya oda, nywila ya ukurasa, oda zilizolipiwa ambazo hazijatumwa, na wateja waliotanguliza hela kidogo. Tulihesabu stoku wawili, tukaandika, tukasaini wote. Mzigo ukipungua baadaye, unajua umepungua mikononi mwa nani.

Na andika kwamba siku za kukabidhi, kusafiri na kutafuta chumba ni siku za kazi zenye mshahara. Usipoandika, mwisho wa mwezi utashawishika kuzikata.

Barua yenyewe

Hii ndo niliyotumia. Badilisha ya kwako:

> Kwa: (jina la mfanyakazi)
> Tarehe: 8 Septemba 2025
>
> YAH: UHAMISHO WA KITUO CHA KAZI KUTOKA MTWARA KWENDA MASASI
>
> Kufuatia mazungumzo yetu ya tarehe 5 Septemba 2025, unahamishiwa duka la Masasi kwa mahitaji ya biashara. Uhamisho huu ni wa kudumu na si adhabu.
>
> Siku yako ya mwisho ya mauzo Mtwara ni tarehe 20 Septemba. Utakabidhi mali, simu na oda tarehe 22 na 23, utasafiri tarehe 25, na utaripoti Masasi tarehe 29 Septemba 2025 saa 2 asubuhi. Siku zote hizo zitalipwa kama siku za kazi.
>
> Utalipwa posho ya uhamisho ya shilingi 251,000 kabla ya tarehe 23 Septemba, kwa mchanganuo ulioambatanishwa. Posho hii haitakatwa kwenye mshahara.
>
> Cheo, mshahara, likizo na tarehe yako ya kuajiriwa havibadiliki. Mahali ulipoajiriwa panabaki kuwa Mtwara.
>
> Sahihi ya mwajiri:
> Nimesoma, nimeelewa na nimekubali. Sahihi ya mfanyakazi na tarehe:

Chapisha nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Ya kwako usiitupe hata akiondoka, maana sheria inataka maelezo ya kazi yatunzwe miaka 5 baada ya ajira kuisha.

Ule mstari wa "mahali ulipoajiriwa"

Rafiki yangu aliisoma akasema huo mstari haufanyi kazi yoyote. Unafanya. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinasema ajira ikiisha mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na vitu vyake kumrudisha, au alipie usafiri huo, au ampe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na alipoajiriwa, pamoja na hela ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kituo cha kazi kinahama, mahali alipoajiriwa hapahami. Yule binti wa kwanza alipodai nauli ya kurudi Mtwara nilimwona ana tamaa. Baadaye nikaona kwenye sheria kwamba nauli hiyo ipo.

Kwa hiyo ukipiga hesabu ya tawi jipya, weka pembeni na nauli ya kumrudisha mtu. Kwangu mimi nimeifunga kwenye bahasha moja na nakala ya barua, iko chini ya droo.

Isevu posti hii kabla hujabonyeza kitufe cha voisi.