Karatasi za Mtoto Kabla Mama Hajatoka Ndani

Uchaggani mama aliyejifungua hukaa ndani kwa muda wa miezi 3 hivi. Analetewa mtori na mlaso, hashiki jembe, hachoti maji, na mama mkwe ndiye anayesimamia jiko. Ni desturi njema, kwa kuwa mwili wa mama unapata nafasi ya kupona na maziwa yanatoka vizuri. Shida ni kwamba familia nyingi huziacha karatasi za mtoto nazo zisubiri miezi hiyo 3. Hatari kubwa kwa mtoto mchanga iko ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wa manjano, maambukizi ya damu na kushindwa kunyonya. Mtoto huyo huweza kuhitaji wodi ya watoto wachanga kabla jina lake halijaandikwa popote.

Karatasi hizo zinazaana. Ya kwanza ni tangazo la kuzaliwa, ambalo hutolewa hospitalini mama anaporuhusiwa. Aliyejifungulia nyumbani huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Tangazo ndilo linalozaa cheti cha kuzaliwa, na cheti ndicho kinachofungua mlango wa bima. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, RITA ina mpango wa kusajili na kutoa cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo safari ya kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya si lazima tena kama ilivyokuwa zamani.

Kinachokwamisha kazi hii mara nyingi ni jina, wala si ada. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na wa kike jina la bibi mzaa baba, na mashauriano huenda polepole. Huku nyuma kadi ya kliniki inabaki imeandikwa "mtoto wa" fulani, na tangazo lina jina jingine alilolitaja baba kwa haraka. Jina la baba nalo lina mtego wake: kitambulisho cha NIDA kinaishia na jina la ukoo, tuseme Mushi au Massawe, lakini kwenye tangazo ameandikwa kwa jina la baba yake. Kwa ofisa wa bima hao ni watu wawili. Kabla ya kuondoka wodini, soma tangazo herufi kwa herufi ukiwa umeshika vitambulisho vya wazazi wote wawili. Kosa likionekana pale, linasahihishwa palepale. Likishaingia kwenye cheti, ni maombi mapya kwa msajili.

Tuje kwenye bima yenyewe. Mtumishi anayekatwa mshahara kwa ajili ya NHIF ana haki ya kuwaandikisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Mtoto haingii mwenyewe kwa sababu tu amezaliwa: mzazi hujaza fomu ya kumwongeza, akaambatanisha cheti na picha. Hapa ndipo familia nyingi za huku mlimani hushtuka. Mwalimu wa Kibosho aliyeandikisha baba yake, mama yake na watoto 2 tayari amejaza nafasi zote 4. Mtoto wa 3 akizaliwa, lazima mmoja aondolewe kwenye orodha, na kumwondoa mzee mwenye presha ni kikao kizito cha ukoo. Kifanyeni wakati wa ujauzito. Mkikiahirisha, mtajikuta mnakifanya kwenye korido ya hospitali.

Asiye kwenye ajira rasmi, au ambaye nafasi zimemwishia, atazame vifurushi vya hiari. Toto Afya Kadi ya NHIF iliandikisha mtoto peke yake kwa Sh 50,400 kwa mwaka, hadi mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa na kuelekezwa shuleni. Uamuzi huo uliwaacha nje wachanga wote, kwani mtoto wa wiki 2 hana shule. Baadaye utaratibu wa kuandikisha watoto ulirejeshwa. CHF iliyoboreshwa nayo ilichukua kaya ya watu 6 kwa Sh 30,000 kwa mwaka, na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapanga upya vifurushi hivi. Unapofika ofisi ya NHIF Moshi, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: matibabu yanaanza kulipiwa baada ya siku ngapi, na kadi inapokelewa hospitali zipi.

Swali la pili lina uzito wa pekee huku kwetu. Sera ya serikali inamsamehe mtoto wa chini ya miaka 5 gharama katika vituo vya umma, Mawenzi ikiwemo. Lakini ukipanda mlimani, hospitali iliyo jirani mara nyingi ni ya kanisa: Machame na Marangu za KKKT, Kibosho na Kilema za Katoliki. KCMC, ambako wachanga mahututi hupelekwa, nayo iko chini ya shirika la kanisa. Huko msamaha hutegemea makubaliano na serikali au halmashauri, na mzazi anaweza kukuta bili.

Kadi ya kliniki, ile tunayoiita kadi namba 1, haisubiri cheti wala bima, na haiuzwi. Mtoto huipata pamoja na chanjo za mwanzo: BCG ya kuzuia kifua kikuu na matone ya polio. Baada ya hapo kuna mahudhurio ya siku ya 7, ya 28 na ya 42, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ukiwa umetoka kujifungulia mjini na kupanda nyumbani, zahanati ya kijijini itamwandikisha kwa kadi hiyohiyo. Usikubali kufunguliwa kadi ya pili, maana uzito wa kuzaliwa utabaki kwenye ile ya kwanza.

Uzito huo ndio mwanzo wa mstari wa ukuaji kwenye kadi. Mtoto mchanga hupungua katika siku za mwanzo, hata kufikia asilimia 10 ya uzito wake, na anapaswa kuurudia kabla ya wiki 2 kuisha. Kuanzia hapo hadi miezi 3 huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku.

Chukua mtoto wa kike aliyezaliwa na kilo 3.1. Siku ya 7 ana kilo 2.9, na hilo halitishi. Wiki ya 6 ana 4.3, wiki ya 10 ana 5.0. Wiki ya 14 mizani inasoma tena 5.0. Nukta hiyo bado iko kwenye kijani, na bibi aliyempeleka ataambiwa mtoto yuko salama. Siyo. Wiki 4 zimepita ambazo angepaswa kuongeza zaidi ya nusu kilo, na mstari umelala. Mara nyingi chanzo ni uji mwepesi au maji aliyoanza kupewa ili "asilie njaa", au kikohozi ambacho hakikutibiwa. Anayeangalia rangi tu hataliona hili mpaka mtoto afike kwenye kijivu. Kwa hiyo muuguzi akipima, aunganishe nukta, na wewe uliyembeba mtoto uulize mstari unaelekea wapi.

Baba, kazi hii ni yako wakati mama yuko ndani: tangazo mkononi siku ya kuruhusiwa, jina limekubaliwa, cheti na fomu ya bima ndani ya wiki 2 za kwanza. Bibi akiteremka na mtoto zahanati, kadi iwe kwenye mkoba.